Chokea kwenye kope: kanda, usibinye

Juzi nilimsaidia binti mmoja anayeanika dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kope yake ya juu ilikuwa imevimba, ina kipele chekundu penye shina la vinyweleo, na kukigusa tu kulimuuma. Hiyo ni chokea: kijitezi cha kope kimeziba na bakteria wameingia. Jicho lenyewe lilikuwa jeupe na anaona vizuri, kwa hiyo tulianzia nyumbani.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ondoa wanja, na kama unavaa lenzi, zitoe.

2. Kanda kwa maji ya moto. Hapa ndipo wengi hushindwa, halafu husema kukanda hakusaidii. Kitambaa kikitoka kwenye maji hupoa ndani ya dakika moja au mbili, na mafuta yaliyoganda kwenye kitezi hayalainiki kwa joto la muda mfupi hivyo. Mimi napendelea chupa ya chai kuliko sufuria jikoni, kwa sababu maji ya moto yanakuwa karibu nawe muda wote. Chemsha maji safi, yatie kwenye chupa. Usichote ya ziwani. Changanya kidogo na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha jaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, penye mshipa: yawe ya moto unaoweza kuuvumilia, yasichome. Chovya kitambaa safi cha pamba, kamua, fumba jicho, weka. Kikianza kupoa, chovya tena, hadi zitimie dakika 10. Rudia mara 3 au 4 kwa siku. Kukanda kwa yai la moto sikupendi hata kidogo, kwani ngozi ya kope ni nyembamba na huungua upesi. Kitambaa hicho kiwe chako peke yako, na ukifue kila siku.

3. Baada ya kukanda, papasa kope taratibu kuelekea kwenye vinyweleo.

4. Usibinye, usitoboe kwa sindano, hata ukiona usaha umeiva. Ukibinya, uchafu unaweza kusukumwa ndani na maambukizi yakasambaa kope nzima. Mama yake binti alitaka kung'oa unyweleo, nikamwomba asubiri. Siku chache baadaye kipele kilipasuka chenyewe, wakafuta usaha wakaendelea kukanda. Dawa za matone zenye steroidi usijinunulie dukani. Zinaweza kupandisha presha ya jicho.

Chokea nyingi huisha ndani ya wiki moja au mbili. Lakini wekundu ukienea usoni, ukapata homa, jicho likitokeza, likiuma unapoligeuza au uoni ukipungua, nenda hospitali siku hiyohiyo, Sekou Toure au Bugando. Mtoto usimsubirishe kabisa.

Maumivu yakiisha ukabaki uvimbe mgumu kama punje ya maharage, hayo ni mafuta yaliyonasa. Endelea kukanda. Ukipita mwezi haujapungua, daktari wa macho anaweza kuupasua kwa ndani ya kope baada ya kuchoma sindano ya ganzi. Kwa mtu mzima ambaye uvimbe unamrudia palepale, unatoka damu au vinyweleo vinapukutika, kinyama hicho kikatwe na kupelekwa maabara, kwani saratani ya kope huweza kuanza hivyohivyo.