Kabla hujaamini kipande cha gazeti la zamani

Picha ya kipande cha gazeti ikikufikia na maelezo kwamba ni cha tarehe 14 Machi 1965, tafuta kwanza cha kulinganisha nacho. Unahitaji matoleo halisi ya gazeti lilelile, ya wiki hiyo na ya wiki chache kabla na baada yake, maana magazeti hubadilisha sura na toleo la miaka 5 baadaye litakupotosha. Mwombe pia aliyekutumia akupe faili ya awali. Picha iliyopita simu nyingi hubanwa tena na tena hadi nukta za uchapaji zinafutika.

Kalenda haichukui hata dakika. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Kipande kikiandika Jumatatu, kina kasoro tayari.

Herufi ndizo zinazohitaji subira. Tuseme kichwa cha habari kina herufi nene zisizo na vikia, yaani vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi. Huenda ni Helvetica, iliyotoka 1957, au Arial, iliyochorwa 1982. Kuza picha utazame t ndogo: ncha yake ya juu katika Arial imekatwa mshazari, katika Helvetica imekatwa bapa. Kisha R kubwa: mguu wa Arial umenyooka kwa mshazari, wa Helvetica unashuka karibu wima kwa mkunjo. Dalili zote mbili za Arial zikiwapo, shuku kwamba hicho hakikuchapwa 1965, ingawa baadhi ya herufi za zamani nazo zina dalili hizo. Lakini herufi zinazolingana na enzi hiyo hazithibitishi chochote, kwa kuwa leo kompyuta inazo pia.

Kwenye safu, usipime sentimita, kwani picha haina kipimo. Hesabu herufi na nafasi katika mistari 10 iliyojaa, gawa kwa 10, kisha fanya vivyo hivyo kwenye toleo halisi. Ukipata 34 kwenye halisi na 52 kwenye kipande, uliza kwa nini. Habari kubwa huweza kupewa safu pana, kwa hiyo linganisha kurasa za aina moja. Angalia pia ukingo wa kulia: wapangaji wa herufi walikata maneno kwa kistari ili mistari iishe sawa, ilhali mghushi mara nyingi huacha mianya mipana kati ya neno na neno.

Mwisho ni wino. Picha ya gazeti huundwa na nukta zilizojipanga kwa safu, lakini herufi zake ni wino mzito. Kilichotoka kwenye printa ya wino wa kunyunyiza huonyesha vitone vilivyotawanyika hata pembeni mwa herufi. Hapa nakala ya mikrofilamu haikusaidii, kwa sababu imeshapoteza sura ya karatasi. Tafuta gazeti lenyewe maktabani.

Kama mwenye kipande anacho mkononi, mwombe apige picha upande wa nyuma. Mkasi uliofuata mipaka ya habari ya mbele kwa kawaida hukata katikati ya tangazo au sentensi ya nyuma.