Kufungasha masala ya pilau ya gramu 50, ya mezani sokoni na ya shelfu dukani

Wiki iliyopita nilikaa na wifi yangu, anauza viungo sokoni Tandika, kuna duka lilimrudishia mifuko 20 sababu harufu imeisha na jina kwenye stika limefutika. Hivi ndo tulivyorekebisha.

1. Chukua mfuko wa kusimama wenye zipu na foili ndani, sentimita 10 kwa 15. Nailoni inayoonyesha kila kitu mi siitaki kabisa, harufu inapita humo, na manjano ikikaa kwenye mwanga inapauka, mteja anaona ni mzigo wa zamani hata kama umesaga juzi. Kama lazima aone rangi, tafuta wenye kidirisha kidogo kwa nyuma.

2. Stika. Jina likae juu, sio katikati, maana sokoni mifuko inalazwa kwa mistari na mstari wa mbele unafunika nusu ya chini ya ule wa nyuma, na dukani ukingo wa shelfu unafunika hukohuko chini. Pilau, mdalasini, iliki, zote zitumie muundo uleule, ubadilishe rangi ya mkanda tu, mtu akiwa mbali ajue hizi ni za fulani. Printi kwa leza kwenye stika ya plastiki, ile ya karatasi inanyonya mafuta ya karafuu. Halafu jaza mfuko mmoja kwanza ndo uone stika inakaa wapi, mfuko ukishavimba stika iliyokaribia mkunjo wa chini inajikunja.

3. Pima, jaza.

4. Kusili, yaani kuziba mdomo wa mfuko juu ya zipu kwa mashine ya moto. Hapa ndo palipotula jioni nzima. Mashine ilikuwa nzima, tatizo vumbi la masala, ukimimina linabaki juu ya zipu, ukisili linakaa katikati ya plastiki mbili zisishikane. Kwa macho unaona imefunga vizuri kabisa, kumbe hewa inaingia taratibu. Kwahiyo mimina kwa faneli ya karatasi inayoshuka mpaka chini ya zipu, funga zipu, ndo upanguse juu kwa kitambaa kikavu (kikiwa na maji masala yanaganda palepale). Foili ni nene, anza na moto mdogo upandishe kidogokidogo: ukivuta kwa mkono ikaachia, moto hautoshi, ikijikunja na kusinyaa umezidisha. Taa ikizima usinyanyue mkono wa mashine, hesabu mpaka tatu ipoe kwanza. Kila mifuko 20 chukua mmoja uuzamishe kwenye beseni la maji uukamue, vipovu vikitoka juu rudia yote 20. Kwa wifi vilitoka mifuko 3 ya mwanzo, tulivyobadili faneli havikutoka tena.

5. Tarehe ya kufungasha na ya kuisha, namba ya toleo, uzito, vilivyomo na simu yako viende nyuma. Tarehe piga muhuri wa wino usiofutika, peni ya kawaida inateleza kwenye plastiki na mwenye duka akiona tarehe imefutika anakurudishia mzigo.