SOMO: Kusoma "2/10, n/30" kwenye ankara na kuipata siku ya mwisho ya punguzo

Habari za leo wanajamvi. Wiki iliyopita niliahidi somo hili baada ya wawili kuuliza maana ya namba zinazoandikwa chini ya ankara, au invoisi kama wengi tunavyosema. Nitatumia ankara moja ya duka la vifaa vya ujenzi na tutaifuata hadi ilipwe.

Ankara imeandikwa tarehe 14 Machi 2025. Bidhaa ni sh. 4,800,000, usafiri sh. 150,000, jumla sh. 4,950,000. Chini kabisa pameandikwa: 2/10, n/30. Maana yake, ukilipa ndani ya siku 10 unapunguziwa asilimia 2. Usipolipa ndani ya siku hizo, unadaiwa fedha yote, na mwisho wa kulipa ni siku ya 30. Hiyo "n" inasimama badala ya neno la Kiingereza "net", yaani deni kamili lisilo na punguzo. Mtindo huu wa kuandika umeenea sana katika biashara ya Marekani, ndiyo maana programu nyingi za hesabu zinakuja nao tayari.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Anza na tarehe iliyoandikwa kwenye ankara, si siku uliyoipokea. Siku ya ankara yenyewe haihesabiwi. Kwa hiyo tarehe 15 Machi ni siku ya kwanza, na siku ya kumi ni tarehe 24 Machi. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya punguzo. Anayeanza kuhesabu na tarehe 14 ataishia tarehe 23 na kujinyima siku moja bure.

Siku ya 30 inataka uangalifu zaidi kwa sababu unavuka mwezi. Machi ina siku 31, kwa hiyo baada ya tarehe 14 zimebaki siku 17. Toa 17 kwenye 30, zinabaki 13. Deni kamili linaiva tarehe 13 Aprili. Usiseme "mwezi mmoja" ukaandika 14 Aprili.

Kwenye jedwali la Excel, tarehe ikiwa A2, weka:

```
=A2+10
=A2+30
```

Tarehe hizo mbili ziandike kwa kalamu juu ya ankara siku ileile inapoingia, kisha panga faili lako kwa kufuata tarehe ya punguzo. Ukipanga kwa tarehe ya deni kuiva, punguzo litapita hujaliona.

Hatua ya 2: Tafuta kiasi kinachopunguzwa

Hapa ndipo wengi tunagombana na wauzaji. Asilimia 2 inakatwa kwenye bidhaa ulizobaki nazo. Haikatwi kwenye usafiri, wala kwenye mzigo uliorudisha. Duka letu lilirudisha rangi zilizovuja za sh. 300,000, na muuzaji akakubali kwa maandishi. Bidhaa zilizobaki ni sh. 4,500,000. Asilimia 2 yake ni sh. 90,000. Unalipa sh. 4,410,000 za bidhaa pamoja na 150,000 za usafiri, jumla sh. 4,560,000.

Mtu aliyekata asilimia 2 kwenye jumla ya 4,950,000 angejipunguzia 99,000. Zile 9,000 za ziada zingebaki kwa muuzaji kama deni, na mwezi unaofuata taarifa yake ya akaunti isingelingana na vitabu vyako.

Hatua ya 3: Amua ulipe lini

Kulipa siku ya tatu hakukuongezei kitu kuliko kulipa siku ya kumi. Na ukishaikosa siku ya kumi, kulipa siku ya 15 hakukupi chochote, afadhali ukae na fedha yako hadi siku ya 30. Kwa hiyo swali halisi ni hili: je, niache sh. 90,000 ili nikae na sh. 4,410,000 kwa siku 20 zaidi?

Gawanya 90,000 kwa 4,410,000, unapata kama asilimia 2.04. Hiyo ni bei ya siku 20 tu. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya asilimia 37. Sasa tuseme benki yako inakutoza asilimia 18 kwa mwaka kwenye ovadrafti. Kukopa 4,410,000 kwa siku 20 kutakugharimu kama sh. 43,500. Unakopa, unalipa muuzaji, unapata punguzo la 90,000, na baada ya riba umebaki na sh. 46,500. Mimi ningekopa. Lakini kama una hakika mauzo hayatarudisha fedha ndani ya siku hizo 20, riba itaendelea kukimbia, na hesabu hiyo inabadilika.

Hatua ya 4: Hakikisha fedha imefika

Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja niliandika hundi siku ya tisa, nikaipeleka siku ya kumi jioni. Muuzaji alihesabu siku fedha ilipoingia kwenye akaunti yake, na punguzo likakataliwa. Tangu hapo namuuliza kila muuzaji mpya: unahesabu siku niliyotuma au siku uliyopokea? Kwa ankara yetu, tarehe 24 Machi ni Jumatatu, kwa hiyo agizo la benki ningelituma Ijumaa tarehe 21 asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ninauza vipuri. Siku ya kumi nilikuwa na sh. 2,450,000 tu. Nakosa punguzo lote?

Jibu: Marahaba mwanangu. Muuzaji akikubali malipo ya sehemu, usizidishe kwa asilimia 2, gawanya kwa 0.98. 2,450,000 ÷ 0.98 ni 2,500,000. Yaani umefuta deni la milioni mbili na nusu. Kilichobaki utalipa chote bila punguzo. Ila wapo wauzaji wasiotoa punguzo kwa malipo ya sehemu, kwa hiyo uliza kabla ya kutuma.

Swali: Kaka, mzigo wangu hufika siku ya nane au ya tisa. Nalipaje kitu sijakikagua?

Jibu: Dada, hilo limalize wakati wa kuagiza. Omba masharti yaandikwe "2/10 ROG", ambapo siku zinahesabiwa tangu mzigo unapopokelewa. Bila maandishi hayo, tarehe ya ankara ndiyo inayotawala, hata mzigo uchelewe vipi njiani.

Swali: Na ikiandikwa "2/10 EOM"?

Jibu: Hapo siku kumi zinaanza mwezi wa ankara unapoisha. Ankara yetu ya 14 Machi ingekuwa na punguzo hadi 10 Aprili. Kwa desturi ya Marekani, ankara ya tarehe 26 au baadaye husogezwa mwezi mmoja zaidi: ya 27 Machi ingekwenda hadi 10 Mei. Usiichukulie desturi hiyo kwa muuzaji wa hapa bila kumuuliza.

Swali: Tarehe 13 Aprili 2025 ni Jumapili. Nilipe Jumatatu?

Jibu: Wauzaji wengine wanakubali siku ya kazi inayofuata, wengine hawakubali. Kama mkataba wenu haukusema, lipa Ijumaa tarehe 11.

Swali: Kwenye vitabu naandikaje hiyo 90,000?

Jibu: Ankara iliingia kwa bei kamili, na mzigo uliorudi ukapunguza deni hadi 4,650,000 pamoja na usafiri. Siku ya kulipa, futa deni lote la 4,650,000 kwenye akaunti ya muuzaji. Benki inatoka 4,560,000, na 90,000 inaingia kwenye akaunti ya punguzo lililopokelewa. Ukiandika 4,560,000 peke yake, muuzaji ataendelea kuonekana anakudai 90,000.