Somo: Kuipa Portal 2 vigezo vya kuanzishia ndani ya Steam (kuruka video, kupanga dirisha na kulazimisha Vulkan)

Kila mchezo wa kompyuta unapofunguliwa hupokea mstari mmoja wa maandishi ambao mchezaji kwa kawaida hauoni. Mstari huo una njia ya faili la mchezo, na baada yake maneno mafupi yanayoueleza mchezo uanze vipi. Maneno hayo ndiyo vigezo vya kuanzishia. Faida yake ni kwamba husomwa kabla skrini ya kwanza haijatokea, na kwa hiyo yanaweza kurekebisha jambo ambalo menyu ya ndani haiwezi kulirekebisha, kwa mfano pale mchezo unapofunguka kwa ukubwa usioendana na skrini yako hata usiweze kuifikia menyu yenyewe.

Nimechagua Portal 2, mchezo wa Valve wa mwaka 2011, kwa sababu bado unachezeka vizuri kwenye kompyuta ndogo, na kwa sababu vigezo vyake vinafanana na vya michezo mingine iliyojengwa kwa injini ya Source, yaani programu ya msingi ya Valve inayoiendesha michezo hiyo. Mfano wetu ni kompyuta mpakato yenye Windows 10 na skrini ya pikseli 1366 kwa 768.

Hatua ya 1: Fika kwenye kisanduku chenyewe

Fungua Steam, nenda kwenye orodha ya michezo yako, bofya jina la Portal 2 kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua `Properties`. Katika ukurasa wa `General` utakuta kisanduku kilichoandikwa `Launch Options`. Hakuna kitufe cha kuhifadhi. Ukishaandika, funga dirisha hilo tu na maandishi yatabaki.

Hatua ya 2: Anza na kigezo kimoja

Andika hiki peke yake, kisha fungua mchezo:

```
-novid
```

Video ya nembo ya Valve haitaonekana, nawe utapelekwa moja kwa moja kwenye menyu. Nakuomba usiruke hatua hii hata kama video haikuudhi, kwa sababu ndiyo kipimo chetu. Injini ya Source ikikutana na neno isilolijua haitoi onyo lolote, bali hulipita kimya kimya. Ukiandika vigezo sita kwa mara moja na kimoja kikawa na kosa la herufi, hutajua ni kipi. Lakini video ikitoweka, umeshathibitisha kwamba kisanduku kinasomwa na kwamba alama zako ni sahihi.

Kuhusu alama, kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote ni la kistari. Mtu hunakili vigezo kutoka kwenye ujumbe wa simu au waraka uliochapwa, na programu ya kuandikia imeshakigeuza kistari kifupi kuwa kirefu. Kwa macho, `–novid` na `-novid` ni karibu sawa, ila mchezo unaitambua ya pili tu. Futa kistari hicho na ukiandike upya kwa kibodi yako. Kila kigezo kitenganishwe na kinachofuata kwa nafasi moja, bila mkato.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya dirisha kabla ya kuliandika

Wengi huandika 1280 kwa 720 kwa mazoea, kisha hushangaa kuona maandishi ya chini ya mchezo yamefichika. Tuhesabu. Skrini yetu ina kimo cha pikseli 768. Upau wa kazi wa Windows 10 ulio chini huchukua 40, zikabaki 728. Mstari wa juu wa dirisha, wenye jina la mchezo na alama ya kufungia, huchukua takriban 31, zikabaki 697. Dirisha la kimo cha 720 limezidi kwa pikseli 23 hivi, na ziada hiyo lazima iingie nyuma ya upau wa kazi au itoke nje ya skrini kwa juu.

Kuna njia mbili za kulitatua. Ya kwanza ni kuchagua ukubwa mdogo zaidi wenye uwiano uleule wa 16 kwa 9, na hapa 1152 kwa 648 unatosha vizuri:

```
-novid -windowed -w 1152 -h 648
```

Ya pili ni kuuondoa mstari wa juu kwa `-noborder`, ili 720 ipate nafasi yake ndani ya zile 728, na kulibana dirisha kwenye pembe ya juu kushoto kwa `-x` na `-y`:

```
-novid -windowed -noborder -w 1280 -h 720 -x 0 -y 0
```

Mimi hupendelea ya kwanza, kwa kuwa dirisha lenye mstari wa juu unaweza kulisogeza kwa kipanya unapotaka kusoma kitu kingine pembeni.

Andika `-w` na `-h` pamoja wakati wote. Ukitoa upana pekee, injini hujikokotolea kimo kwa uwiano wa zamani wa 4 kwa 3, hivyo upana wa 1280 utaleta kimo cha 960, ambacho skrini yetu haina.

Hatua ya 4: Kulazimisha kiolesura cha michoro

Portal 2 iliandikwa kuzungumza na kadi ya michoro kwa kupitia Direct3D 9. Mnamo Februari 2021 Valve iliongeza njia ya pili: maagizo yaleyale ya Direct3D 9 hutafsiriwa kuwa ya Vulkan, kiolesura kingine cha aina hiyohiyo, na safu inayoitwa DXVK. Njia hiyo huwashwa kwa kigezo kimoja:

```
-novid -windowed -w 1152 -h 648 -vulkan
```

Sitakuahidi kwamba fremu zitaongezeka. Mahali ambapo prosesa ndiyo inayochelewesha, unaweza kupata nafuu. Mahali ambapo kadi ya michoro yenyewe imeshafika kikomo, tofauti inaweza isiwepo kabisa. Kuna jambo litakalokutia wasiwasi mwanzoni: katika dakika za kwanza mchezo hukwamakwama kila unapoingia chumba kipya, kwa kuwa programu ndogondogo za kivuli na mwanga zinatayarishwa kwa mara ya kwanza. Rudia chumba hichohicho mara ya pili kabla hujatoa hukumu.

Kikomo kilicho wazi ni cha vifaa. Kwenye Windows, viendeshi vya Intel vinaitambua Vulkan kuanzia michoro ya prosesa za kizazi cha 6. Mwenye Intel HD 4000 au HD 4400 asijisumbue, kwani mchezo utakataa kufunguka au utaleta ujumbe wa kosa. Ikitokea hivyo, futa `-vulkan` kwenye kisanduku na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa.

Kuthibitisha kwamba Vulkan kweli inatumika, tumia programu ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, ambazo huonyesha vipimo juu ya picha ya mchezo. Kwenye pembe ya skrini, pembeni mwa idadi ya fremu, huandikwa jina la kiolesura. Bila kigezo utasoma `D3D9`. Ukiwa nacho, usome `Vulkan`.

Hatua ya 5: Ukikwama

Futa kwanza maandishi yote kwenye `Launch Options`. Iwapo mchezo bado unafunguka kwa ukubwa mbaya, ni kwa sababu ukubwa huo umehifadhiwa katika faili la `video.txt`, lililomo kwenye folda ya `portal2\cfg` mahali mchezo ulipowekwa. Lifute faili hilo wakati mchezo umefungwa, nao utaliandika upya. Vinginevyo weka `-autoconfig` kwa ufunguzi mmoja, ambacho hurudisha mipangilio ya picha ya mwanzo kulingana na kompyuta yako, kisha ukitoe. Ukikiacha hapo, kila utakachobadilisha kwenye menyu kitafutwa utakapofungua tena.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimeona watu wanaandika `+fps_max 60` kwa alama ya kujumlisha. Je, ni sawa na kistari?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kinachoanza kwa kistari husomwa na injini inapojiandaa, kabla ya dirisha kutengenezwa. Kinachoanza kwa alama ya kujumlisha ni amri ya konsoli inayotekelezwa baada ya injini kuwa tayari, kana kwamba umeiandika mwenyewe ndani ya mchezo. Kwa hiyo `+novid` haitafanya kazi, na `-fps_max 60` vilevile haitakupa ulichokitaka.

Swali: Natumia Windows 11 yenye skrini hiyohiyo ya 1366 kwa 768. Hesabu inabadilika?

Jibu: Inabadilika kidogo. Upau wa kazi wa Windows 11 ni pikseli 48, hivyo zinabaki 720 kamili. Dirisha la 1280 kwa 720 bila mstari wa juu litakaa sawasawa likigusa upau, mradi `-y 0` iwepo. Lile la 1152 kwa 648 halina tatizo. Hesabu hizi zote ni kwa ukuzaji wa asilimia 100. Ukiwa umeuweka 125, upau na mstari wa juu huwa vinene zaidi.

Swali: Naomba njia ya mkato kwenye dawati, ili wadogo zangu wafungue mchezo kwenye dirisha, nami niendelee kuufungua kwa skrini nzima. Nimejaribu, Windows inasema jina si sahihi.

Jibu: Bila shaka umeandika vigezo ndani ya alama za nukuu. Nukuu zifunge njia ya faili pekee, na vigezo vikae nje yake. Namba 620 ndiyo utambulisho wa Portal 2 ndani ya Steam:

```
"C:\Program Files (x86)\Steam\steam.exe" -applaunch 620 -novid -windowed -w 1152 -h 648
```

Acha kisanduku cha `Launch Options` kikiwa tupu, au kiwe na `-novid` pekee, kwa sababu yaliyomo humo hutumika pia unapopitia njia ya mkato. Na kwa kuwa ukubwa wa dirisha unaweza kuhifadhiwa kwenye `video.txt`, tengeneza njia ya mkato ya pili kwa ajili yako, yenye `-fullscreen -w 1366 -h 768`, ili usikute dirisha la wadogo zako.

Swali: Nipo kwenye Linux. Nimekuta maelekezo yenye `%command%` na sikuelewa kazi yake.

Jibu: Neno hilo linashika nafasi ya amri nzima ambayo Steam ingeiendesha. Usipoliandika, Steam huambatisha maneno yako mwishoni, na kwa vigezo vya kawaida hilo latosha. Utalihitaji unapotaka kitu kitangulie mchezo, kwa mfano kipimo cha fremu:

```
mangohud %command% -novid -vulkan
```

Kilicho kushoto kwa `%command%` hupokelewa na mfumo, na kilicho kulia hupokelewa na mchezo. Ukiiweka `-novid` upande wa kushoto, mchezo hautaiona.

Swali: Vigezo hivihivi nimeviweka kwenye mchezo mwingine wa Unity na hakuna kilichotokea.

Jibu: Kila injini ina msamiati wake. Kwa Unity ukubwa huandikwa hivi, na Vulkan hulazimishwa kwa neno la mwisho, ikiwa waundaji wa mchezo waliiweka ndani yake:

```
-screen-fullscreen 0 -screen-width 1152 -screen-height 648 -force-vulkan
```

Kwa michezo mingi ya Unreal ni `-windowed -ResX=1152 -ResY=648`, pamoja na `-dx11` au `-vulkan`. Kuhusu `-novid`, hicho ni cha injini za Valve, na Unity haina neno linalolingana nacho.