Somo: Jinsi ya kupata bei nzuri benki unapobadilisha dola nyingi kuwa shilingi (Kenya)

Naandika haya mara moja ili nisiendelee kuyajibu kila wiki. Yanamhusu mtu anayepokea dola kwa njia ya benki, tuseme dola 40,000 za kununua kiwanja Kilifi. Mwenye dola 500 mkononi aende duka la fedha lenye leseni, kwa kuwa hana la kujadili na benki.

1. Tazama kiwango cha siku cha dola kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, upate cha kupimia bei utakazotajiwa.

2. Fungua akaunti ya dola kabla fedha hazijatumwa. Hatua hii ndiyo inayowagharimu watu. Dola zikitumwa kwenye akaunti ya shilingi, benki huzigeuza zenyewe zinapoingia, kwa bei ya ubaoni, ile inayotangazwa kwa wateja wote, na ukiamka asubuhi unakuta ujumbe wa simu unaotaja shilingi tu. Hapo hakuna tena cha kujadili. Jamaa yangu alikwenda kulalamika akaonyeshwa kwa upole masharti aliyoyatia saini mwenyewe. Jihadhari pia na upande wa mtumaji, kwa sababu akichagua kutuma shilingi, benki ya kwake ndiyo itakayopanga bei, nawe huku utapokea matokeo tu. Mwambie atume dola, na aandike namba ya akaunti ya dola.

3. Tayarisha karatasi. Kuanzia dola 10,000 benki itataka ushahidi wa zilikotoka fedha na zinakokwenda, kwa hiyo mkataba wa mauzo uwe tayari, usije ukakubaliana bei kisha ikapita ukiwa unatafuta nakala.

4. Omba bei kwa trezari, yaani idara ya benki inayonunua na kuuza fedha za kigeni. Karani wa dirishani hana mamlaka ya kubadilisha bei ya ubaoni. Mwombe meneja wa tawi akuunganishe. Piga simu asubuhi ya siku ya kazi, taja kiasi, kisha uliza bei zote mbili, ya kununua na ya kuuza, kabla hujasema uko upande gani. Piga na benki ya pili papo hapo, kwa kuwa bei ya saa tatu hailinganishwi na ya saa sita.

Tuchukue mfano. Bei ya katikati sokoni, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni 129.20 na ubaoni wananunua kwa 127.00. Ukikubali ya ubaoni, umeacha shilingi 88,000. Ukipewa 128.85, umeacha 14,000 tu; zile 74,000 ni zako.

5. Ukisema "nimekubali", biashara imefungwa. Benki nayo hugeuka mara moja kuziuza dola hizo kwa benki nyingine, ndiyo maana bei hudumu dakika chache tu, na ukijitoa baadaye unaweza kudaiwa hasara.

MASWALI

Kijana wa Bamburi: Benki Kuu imeandika 129.20, mbona benki yangu inanipa 128? Si wizi huo?

Mwandishi: Kile ni kiwango cha wastani cha kukuongoza, na Benki Kuu haikuahidi kununua dola zako kwa bei hiyo. Soma tena mfano.

Kijana wa Bamburi: Sasa nifanye nini? Zimeshaingia kwenye akaunti ya shilingi.

Mwandishi: Hatua ya 2, ndugu yangu.

Mama Saida: Shikamoo. Benki ya pili imenipa bei bora kwa senti kumi, lakini dola ziko benki ya kwanza. Nizihamishe?

Mwandishi: Marahaba, mama. Kwa dola 40,000, senti kumi ni shilingi 4,000. Toa humo ada za benki zote mbili, kisha uhesabu siku ambayo bei inaweza kushuka dola zikiwa njiani. Mara nyingi ni afadhali umtajie meneja wa benki ya kwanza bei uliyoipata. Akikosa kuifikia, angalau ataikaribia.

Bin Seif: Mwanangu yuko Dubai, hutuma dirhamu. Nitajuaje kama bei ni ya haki?

Mwandishi: Swali zuri sana, mzee wangu. Tangu 1997 dirhamu imefungwa kwa dola, dirhamu 3.6725 kwa dola moja. Gawanya 129.20 kwa 3.6725, utapata kama 35.18. Ukipewa 34, benki imekata zaidi ya shilingi moja kwa kila dirhamu, na kwa dirhamu 100,000 hizo ni zaidi ya shilingi laki moja. Wanunuzi wa dirhamu huku ni wachache kuliko wa dola, hivyo pengo huwa pana. Mwambie aulize bei ya kugeuza dirhamu kuwa dola hukohuko. Ikiwa karibu na 3.6725, atume dola.

Bin Seif: Na riyali ya Omani?

Mwandishi: Njia ni hiyohiyo, mzee. Riyali moja ni takriban dola 2.60, basi zidisha badala ya kugawanya.

Fundi Changamwe: Kuna mtu mjini anatoa 130 taslimu, bila karatasi.

Mwandishi: Bei iliyo juu ya soko zima hulipwa na nani? Bila leseni anavunja sheria, nawe utapeleka wapi shilingi milioni tano za noti zisizo na risiti?