Somo: Namna ya Kuandika Insha Kuhusu Mkinzano wa Mawazo Baada ya Kununua

Hatua ya kwanza: tenga mkinzano na kutoridhika.

Insha nyingi ninazosahihisha hupoteza alama hapa. Kutoridhika huja baada ya bidhaa kutumika na kushindwa kufikia matarajio, ilhali mkinzano, yaani wasiwasi wa mnunuzi kama kweli amechagua vyema, huweza kuanza bidhaa ikiwa bado ndani ya boksi. Dada yangu alisumbuka wiki nzima kati ya jokofu lenye friza kubwa na jingine dogo linalokula umeme kidogo. Alilipia lile kubwa. Usiku uleule, jokofu likiwa limesimama sebuleni likisubiri gesi itulie kabla ya kuwashwa, akaanza kupiga hesabu za luku. Jokofu halikuwa na kosa lolote. Kilichomsumbua ni uzuri wa lile aliloliacha dukani, ambao sasa haukupatana na uamuzi wake.

Hatua ya pili: eleza mkinzano unavyozaliwa na mnunuzi anavyoutuliza mwenyewe.

Anza na Leon Festinger, aliyechapisha kitabu cha nadharia ya mkinzano wa mawazo mwaka 1957, kisha uingie kwenye jaribio la Jack Brehm la mwaka 1956, kwa kuwa ndilo lililo karibu zaidi na ununuzi. Brehm aliwaomba wanafunzi wa kike wa chuo kikuu wavipe alama vifaa vya nyumbani, halafu akamwacha kila mmoja achague kimoja kati ya viwili akichukue kama zawadi. Walipovipima upya, kile kilichochaguliwa kilipanda thamani machoni pao na kilichoachwa kikashuka, hasa pale ambapo viwili hivyo vilikuwa vimekaribiana alama tangu mwanzo. Hoja hiyo ya ukaribu ndiyo ya kukazia, kwa sababu inaonesha kwamba bei kubwa peke yake haitoshi kuleta mkinzano: chaguo likiwa wazi kabisa, hata kitu cha gharama hununuliwa kwa moyo mtulivu. Dada yangu naye alifanya kama nadharia inavyotabiri, yaani alitafuta wa kuuunga mkono uamuzi wake: asubuhi alimpigia jirani mwenye jokofu la aina hiyohiyo, akijua fika kwamba jirani huyo hulisifu.

Hatua ya tatu: onesha kampuni inaingilia wapi.

Usirundike mbinu kumi. Chukua mawasiliano baada ya mauzo na uyachambue, maana ushahidi wake una mvutano unaofaa kujadiliwa. James Donnelly na John Ivancevich walichapisha mwaka 1970 utafiti kuhusu watu walioagiza magari: wale waliopigiwa simu za kuwahakikishia kuwa wamechagua vyema, kabla ya kukabidhiwa gari, walighairi kwa kiwango kidogo kuliko wasiopigiwa. Mwaka huohuo Shelby Hunt alichapisha utafiti wake kuhusu wanunuzi wa majokofu. Barua ya muuzaji ilipunguza mkinzano, lakini waliopigiwa simu walionekana kuwa na mkinzano zaidi hata ya wale ambao hawakutafutwa kabisa. Kwa maoni yangu, simu isiyotarajiwa humfanya mnunuzi ajiulize muuzaji anataka nini tena, wakati barua anaweza kuisoma kwa nafasi yake na kuirudia. Kwa hiyo ujumbe wa kampuni hauna budi kumpa mnunuzi sababu mahususi, kwa mfano namna ya kupanga vyakula ili friza kubwa isiharibu umeme, badala ya pongezi tupu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Je, ruhusa ya kurudisha bidhaa si ndiyo dawa ya majuto?*

Marahaba. Ruhusa hiyo hupunguza hofu kabla ya kulipa, lakini baadaye inaweza kuuacha uamuzi wazi. Daniel Gilbert na Jane Ebert walionesha mwaka 2002 kwamba wanafunzi walioruhusiwa kubadilisha picha waliyoichagua waliipenda kidogo kuliko walioambiwa uamuzi umefungwa. Andika faida na gharama hiyo pamoja.

*Ndugu mwalimu, msahihishaji wangu ameandika kwamba jaribio la Brehm lina kasoro. Ipi hiyo?*

Yuko sahihi, na ukiitaja insha itapata uzito. M. Keith Chen na Jane Risen walieleza mwaka 2010 kwamba alama za kwanza hazipimi upendeleo kikamilifu, hivyo chaguo lenyewe hufichua upendeleo uliokuwapo tayari, na tofauti ya alama inaweza kuonekana hata kama hakuna mtu aliyebadili mawazo. Watafiti waliofuata wameongeza kundi linalopima vitu mara mbili kabla ya kuchagua, ili badiliko linalobaki baada ya kulinganisha lihesabiwe kuwa limeletwa na uamuzi.

*Nitajuaje kwamba mteja ana mkinzano na si hasira ya kuuziwa kitu kibovu?*

Sikiliza anachozungumzia. Mwenye hasira hutaja kinachoharibika. Mwenye mkinzano hurudia kutaja kile alichokiacha, na huuliza bei yake hata baada ya kulipa.