Linki ya kurejesha nywila ya WordPress ikikataa: namna ya kuomba nyingine bila kuiharibu

Mteja wangu mmoja, mama anayeuza vitenge na mwenye tovuti ya WordPress, alinipigia saa nne asubuhi. "Mwanangu, mara ya tatu sasa naambiwa linki mbovu, na nimebofya sasa hivi tu!" Nikamuuliza, "Umeomba ngapi, mama?" Akahesabu: nne. Tatizo lilikuwa hapo.

WordPress huweka ufunguo mmoja tu kwa kila mtumiaji, yaani msimbo wa siri unaobebwa ndani ya linki ya kurejesha nywila. Ukiomba linki mpya, ufunguo mpya unaandikwa juu ya ule wa zamani, na linki ya kwanza inakufa hata kama ina dakika mbili tangu itoke. Kwa hiyo kadiri unavyoomba kwa hasira, ndivyo unavyojiongezea linki mfu kwenye sanduku la barua.

Hatua ya 1: Soma anwani iliyo juu ya brauza. Linki ikikataliwa, unarudishwa kwenye ukurasa wa kuomba upya, na mwisho wa anwani pana neno moja kati ya haya mawili:

```
error=expiredkey
error=invalidkey
```

La kwanza maana yake muda umepita. Kwa kawaida linki huishi saa 24, ila mwenye tovuti anaweza kuupunguza muda huo. La pili maana yake ufunguo huo haulingani na uliohifadhiwa: ama umeshaomba mwingine, ama linki imekatika wakati wa kunakili, ama nywila imeshabadilishwa. Ukiona `invalidkey` na unakumbuka kubonyeza "Save Password" hapo awali, usiombe kitu. Jaribu kwanza kuingia na nywila ile mpya. Huenda brauza imekuhifadhia.

Yule mama mteja wangu alikuwa na `invalidkey`.

Hatua ya 2: Acha kila kitu kwa robo saa. Barua zilizokwama njiani zimalizike kuingia. Hili ndilo watu hawalipendi, lakini ukiomba huku nyingine bado ziko njiani, hutajua ipi ni ya mwisho. Angalia na upande wa "Spam". Kisha futa barua zote za zamani za kurejesha nywila.

Hatua ya 3: Omba mara moja tu. Fungua ukurasa wa kuingia, bofya "Lost your password?", andika jina la mtumiaji au barua pepe, bonyeza "Get New Password". Ukishabonyeza, mkono mfukoni. Usirudi nyuma, usionyeshe upya ukurasa.

Hatua ya 4: Fungua barua ya mwisho kabisa. Barua hizi zote zina kichwa kimoja, kwa hiyo Gmail huzikusanya kwenye mazungumzo mamoja: ya zamani juu, mpya chini. Mama alikuwa anabofya ya juu, ambayo ndiyo iliyokufa mapema kuliko zote. Kama ulizifuta kwenye hatua ya 2, hapa utakuta moja tu na huna cha kuchanganya.

Hatua ya 5: Malizia kwenye brauza ileile. Hapa ndipo mama aliponaswa mara ya pili. Linki ilifunguka vizuri kwenye simu, lakini akaona herufi ndogo, akanakili anwani ya ukurasa na kumtumia kijana wake kwa WhatsApp aimalizie kwenye kompyuta. Ikakataa. Sababu ni kwamba linki iliyo kwenye barua hubeba ufunguo, lakini ukishaibofya, WordPress huuhamishia ufunguo huo kwenye kuki ya brauza yako na kuufuta kwenye anwani. Kinachobaki juu ni hiki:

```
wp-login.php?action=rp
```

Ukipeleka hiyo kwenye kifaa kingine, umepeleka mlango usio na ufunguo. Ukitaka kutumia kompyuta, fungua barua pepe yenyewe kwenye kompyuta. Na linki yenye ufunguo usimtumie mtu, hata mwanao. Aliye nayo anaweza kukubadilishia nywila.

Kwenye kisanduku utakuta nywila ndefu WordPress imekuandalia. Ichukue au andika yako, kisha bonyeza "Save Password". Usifunge ukurasa mpaka uone "Your password has been reset."

Barua isipokuja kabisa, kuomba tena hakusaidii. Mara nyingi seva ya tovuti haijapangwa vizuri kutuma barua. Mtafute msimamizi mwingine wa tovuti. Akiingia "Users" ataona "Send password reset" chini ya jina lako, lakini nacho hutuma barua kwa njia ileile, na huua linki zako za nyuma vilevile. Kama seva haitumi, afungue "Edit" na akuwekee nywila mpya papo hapo kwa "Set New Password". Kwa mama hatukufika huko: saa tano kasoro alikuwa ndani, anapandisha picha za vitenge.